Usiihukumu Diski Kabla ya Kuihoji Draivu

Kompyuta ina tabia moja mbaya: ikishindwa kusoma diski, humlaumu mtu wa tatu. Unaweka DVD ndani ya trei, unaisukuma, inalia kidogo, taa inamulika, halafu kioo kinakuandikia "Please insert a disc into drive D:". Yaani diski uliyoiweka kwa mkono wako mwenyewe haipo. Na kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuamini kinachoandikwa kwenye kioo, tunaitoa ile diski, tunaitazama, tunaona mikwaruzo miwili mitatu, tunasema basi, imekufa. Diski nyingi sana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini zimehukumiwa namna hiyo. Nyingine zimeishia kutundikwa shambani kufukuza ndege.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa makini mwaka huu, nilipopokea diski 11 kutoka kwa mjomba wangu anayeishi Uyole, Mbeya. Mjomba ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2008 aliazima kamera ya video, akamrekodi mama yake, yaani bibi yangu, akisimulia hadithi kwa Kinyakyusa usiku baada ya usiku, wajukuu wakiwa wameketi kwenye mkeka na wengine wakisinzia. Zile kanda za kamera zilirudishwa kwa mwenyewe na kurekodiwa mambo mengine. Kilichobaki ni DVD zilizochomwa kwenye duka moja la Mwanjelwa, kila moja na tarehe yake iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Bibi alifariki mwaka 2013. Mimi nilikuwa naandika makala kuhusu namna msikilizaji anavyomjibu msimulizi katikati ya hadithi, na kwa jambo hilo kitabu hakinisaidii. Nilihitaji kusikia ile "ee" ya watoto inaingia wapi.

Diski zilisafiri kwa basi hadi Iringa. Laptopu yangu ya miaka mingi, yenye draivu ndani, ikaikataa ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilipompigia mjomba simu, jibu lake lilikuwa la mtu aliyekwisha kukata tamaa siku nyingi.

"Shikamoo mjomba. Zimefika salama, ila mashine yangu haizisomi."

"Marahaba mwanangu. Hata ya kwangu haikuzisoma. Nilijua tu zimeoza. Zitupe."

Sikuzitupa. Mashine mbili kuzikataa diski 11 bado si ushahidi wa kutosha, kwa sababu mashine zote mbili zilikuwa kuukuu na zimeishi katika vumbi lile lile. Ili kujua mwenye kosa ni nani, inabidi kwanza uelewe draivu inafanya nini pale inapolia kidogo na kumulika taa.

Chini ya diski kuna kigari kidogo kinachotembea kwenye reli mbili, kutoka katikati ya diski kuelekea ukingoni. Juu ya kigari kuna lenzi ndogo ya plastiki, si kubwa kuliko punje ya dengu, imening'inizwa kwenye nyaya nne nyembamba kama nywele. Mwanga wa leza unapanda kupitia lenzi, unagonga tabaka la diski linalong'aa, unarudi. Ukiweka diski, lenzi hupanda na kushuka ikitafuta mahali ambapo mwanga unarudi ukiwa umekusanyika vizuri. Ikipapata, mota inaizungusha diski kwa kasi inayotakiwa na kigari kinasoma sehemu ya ndani kabisa, karibu na tundu, ambako ndiko kuna maelezo ya diski hiyo ni ya aina gani na ina nini. Lenzi isipoona mwanga wa kutosha ukirudi, draivu huhitimisha kuwa hakuna diski. Kwa hiyo haisemi uongo kwa makusudi. Ni kama mtu mwenye mtoto wa jicho anayeuliza mbona leo hamna mtu sebuleni.

Sasa hapa kuna jambo linalosaidia sana katika uchunguzi. Diski hazirudishi mwanga sawasawa. CD au DVD iliyochapwa kiwandani, kama zile za filamu za Kibongo zilizokuwa zikipangwa barabarani, ina tabaka la metali lenye vishimo halisi, na hurudisha mwanga mwingi. Diski iliyochomwa kwenye kompyuta haina vishimo. Ina rangi maalumu ambayo leza iliichoma ikaacha alama, na hurudisha mwanga hafifu zaidi. Ile ya kufuta na kuandika tena ni hafifu kuliko zote. Tena CD na DVD hazisomwi kwa mwanga mmoja: CD hutumia leza isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 780 hivi, na DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650. Ndani ya draivu ya DVD kuna leza zote mbili, na moja inaweza kuchoka huku nyingine ikiwa nzima. Ndiyo maana utasikia mtu anasema, "Hii mashine CD inapiga vizuri tu, DVD ndiyo inagoma," na watu wanamwona kama anabahatisha. Habahatishi.

Ukijua hivyo, unaweza kufanya usaili bila kifaa chochote. Nilichukua CD ya kwaya ya kiwandani, ikasoma mara moja. Nikachukua DVD ya filamu ya kiwandani, ikafikiri karibu dakika nzima, ikasoma. Nikachukua DVD iliyochomwa ya harusi ya rafiki, ambayo nilikuwa nimeiona ikicheza kwenye televisheni ya kwake wiki ile ile, ikakataliwa. Nikaweka ya Bibi, ikakataliwa. Ngazi ile ilishuka kwa mpangilio: kadiri diski inavyorudisha mwanga kidogo, ndivyo draivu ilivyozidi kushindwa. Kama CD, filamu na harusi zote zingesoma na ya Bibi peke yake ikakataliwa, hapo ningeanza kuishuku diski. Lakini draivu inayoikataa diski ya harusi iliyo nzima haina haki ya kutoa ushahidi dhidi ya diski ya Bibi.

Nilikwenda pia kwa jirani mwenye deki ya zamani chini ya televisheni. Akaweka diski ya tatu. Baada ya sekunde chache sauti ya Bibi ikatoka kwenye spika, imekwaruza kidogo, anamwambia mtoto fulani asogee. Jirani yangu ni Mhehe, hakuelewa hata neno, lakini alipunguza moto wa jiko akaja kusikiliza.

Basi diski zilikuwa hai. Tatizo lilikuwa draivu, na katika draivu mshukiwa wa kwanza siku zote ni uchafu kwenye lenzi.

Huku kwetu uchafu huo una sura tatu. Kuna vumbi la kawaida la kiangazi, la Septemba na Oktoba, ambalo hukaa juu ya lenzi kama unga na hupeperuka kwa urahisi. Kuna masizi ya koroboi na moshi wa mkaa, na hayo ni mabaya zaidi, kwa sababu yana mafuta. Yanatandaza utando juu ya plastiki na vumbi linanatia hapo. Laptopu iliyokaa miaka mingi sebuleni, jirani na jiko, mara nyingi ina utando huo. Sura ya tatu si uchafu hasa, ni umande. Barabara ya kutoka Mbeya kuja Iringa inashuka kutoka baridi ya Uyole hadi joto la Chimala na Igawa, kisha inapanda tena kwenye baridi ya Makambako na Mafinga. Mwezi wa Juni au Julai, mashine iliyotoka kwenye baridi hiyo ikiingizwa kwenye chumba chenye joto, lenzi inashika ukungu kama miwani ya mtu anayefunua sufuria. Hapo huhitaji kusafisha chochote. Iache saa moja au mbili ikiwa imezimwa.

Draivu ya laptopu ina heri moja: trei ikitoka, lenzi hutoka nayo, unaiona kwa macho. Ya kompyuta ya mezani hubaki ndani na inabidi kufungua skrubu. Nilizima laptopu kabisa, nikatoa betri, nikaifungua trei kwa kusukuma pini nyembamba kwenye kile kitundu kidogo kilicho usoni pake. Kuzima ni lazima, kwa sababu leza ile, hasa isiyoonekana, haifai kukutana na jicho. Nikapuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, kwani mdomo huleta mate. Kisha nikalowesha kijiti cha pamba kwa isopropili ya asilimia zaidi ya 90 na kukikamua, kiwe na unyevu bila kuchuruzika. Nikaigusa lenzi kwa uzito wa kijiti chenyewe tu, mzunguko mmoja kutoka katikati kwenda nje, nikageuza upande mkavu nikarudia. Mkono mzito hukata au hupinda zile nyaya nne, na hapo hakuna fundi. Spiriti yenye rangi huacha utando mpya juu ya ule wa zamani. Dawa ya kufutia rangi ya kucha ndiyo adui mkubwa kuliko yote: huifanya plastiki ya lenzi kuwa nyeupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

Kijiti kilitoka na doa la kahawia. Niliporudisha betri na kuweka filamu, ilisoma bila kufikiri. DVD ya harusi ikasoma. Ya Bibi, diski namba moja, ikafunguka, na faili zake zikaonekana.

Hapo watu wengi wangefunga kesi, na mara nyingi ingekuwa sawa kuifunga. Draivu iliyokuwa ikishindwa kwa uchafu tu, ikisafishwa hurudi kazini miaka. Lakini nilipoanza kunakili faili kuja kwenye kompyuta, kazi ilikwama. Mara ya kwanza ilikwama kwenye asilimia 12. Nikatoa diski nikairudisha, ikafika 31. Mara ya tatu ikaishia 7. Kila ilipokwama, sauti ilikuwa ile ile: mota inapanda, inashuka, inapanda tena kama pikipiki inayokata mafuta kwenye mlima wa Kitonga, halafu kimya.

Namba hizo tatu ndizo zilizonifundisha jambo la maana kuliko yote katika mkasa huu. Jeraha la diski haliondoki mahali pake. Mkwaruzo ulioko kwenye asilimia 31 utakukwamisha kwenye 31 leo, kesho, na kwenye mashine nyingine utakusumbua mahali hapo hapo. Kosa linalohama, leo 12, baadaye 31, kisha 7, ni la mashine. Ukilishika hilo, huhitaji kuwa fundi ili kujua mzigo umwekee nani.

Mshukiwa wangu wa pili sasa alikuwa mota. Nilikwenda kwa fundi mmoja maeneo ya Miyomboni, kijana mpole mwenye meza iliyojaa matumbo ya redio. Akatoa trei, akaizungusha kitovu cha mota kwa kidole.

"Dada, sikia hapa. Kinatakiwa kizunguke laini kama gurudumu la baiskeli mpya. Hiki kinakwama na kinacheza kushoto kulia."

Akanionyesha pia vile vidude vitatu vidogo vinavyoibana diski isichomoke. Kimoja kilikuwa kimelegea. Diski inapopanda kasi huteleza kidogo juu ya kitovu, kasi inayumba, lenzi inapoteza mstari. Na mistari yenyewe ni ya kutisha kwa wembamba: kwenye DVD, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni maikromita 0.74, wakati kwenye CD ni 1.6. Ndiyo maana mota iliyochoka inaweza kucheza CD ya kwaya mchana kutwa bila kulalamika, ikashindwa DVD kwa dakika mbili.

Nilimuuliza anajuaje kwamba si lenzi tena, maana nilikuwa nimeona mara nyingine diski haizunguki kabisa. Akasema swali ni zuri, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Katika draivu nyingi, mota haianzi kuzungusha sawasawa mpaka lenzi ipate mwanga wake. Kwa hiyo diski isiyozunguka kabisa si dalili ya mota mbovu peke yake, inaweza kuwa lenzi chafu au leza iliyokwisha. Mota iliyochoka hujitangaza kwa njia nyingine: inaanza, inasoma, inachoka. Husoma vizuri diski nyepesi na kugoma ile iliyobandikwa karatasi ya jina upande mmoja, kwa sababu inaelemewa na kuyumba. Na ukiizungusha kwa kidole, kidole kinasikia.

Alinipa njia tatu za kuiponya, na kwa uaminifu wake akaniambia ubaya wa kila moja. Ya kwanza, kung'oa mota kutoka draivu nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Inawezekana, ila kitovu lazima kikae kwa kimo kile kile hasa, la sivyo lenzi haitaipata diski, na ile kebo bapa ya mota hukatika kwa kuangaliwa tu. Ya pili, kununua draivu ya ndani iliyotumika. Hapo ni lazima ujue unene, maana za laptopu kuna za milimita 12.7 na za 9.5, na ujue aina ya plagi ya nyuma, kwa sababu laptopu za zamani zina tofauti na zilizofuata. Na ukishaipata, unanunua mota ya mtu mwingine iliyokwisha kuchoka kiasi usichokijua. Njia ya tatu aliitaja kwa sauti ya chini: kuna kiskrubu kidogo pembeni ya lenzi ambacho ukikizungusha, leza inaongezewa umeme na kusoma vizuri zaidi.

"Sasa mbona usifanye hivyo?" nikamuuliza.

"Kwako haisaidii, mota ndiyo mgonjwa. Na hata angekuwa leza, ile ni kama kumpa ng'ombe mzee chumvi siku ya kwenda mnadani. Atatembea leo. Kesho kutwa leza inaungua."

Tukafika kwenye hesabu ambayo nadhani kila mwenye sanduku la diski lazima aifanye. Nilitaka kutengeneza draivu, au nilitaka kusikia hadithi? Draivu ni chombo. Zimetengenezwa kwa mamilioni na bado zinauzwa. Diski ya Bibi iko moja. Kila jaribio juu ya mota inayoyumba linaizungusha diski isiyo na nakala kwenye kitovu kinachoteleza, na diski ikichomoka kidogo ikiwa kwenye kasi, inaweza kujikwaruza kwenye trei. Kwa hiyo kikomo cha ukarabati nilikiweka hapo: kusafisha lenzi, ndiyo, maana ni kijiti cha pamba na nusu saa. Kufungua mota, hapana. Nikanunua draivu ya nje, ile bapa ya kuchomeka kwenye USB, kwa shilingi 70,000. Draivu ya ndani iliyotumika ningeipata kwa 35,000 na wasiwasi juu yake.

Fundi aliniachia onyo moja ambalo nalipitisha kwenu kama lilivyo, kwa kuwa limewafanya watu warudishe draivu nzima dukani. Draivu hizi hazina umeme wake. Zinakula kutoka kwenye kompyuta, na wakati wa kuanza kuizungusha diski zinahitaji mkupuo mkubwa. Tundu la USB la zamani, la 2.0, limepangiwa kutoa miliampia 500, na la 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la bluu, 900. Draivu ikikosa umeme wa kutosha, dalili zake ni zile zile za mota mbovu: inapanda, inashuka, inalia tik tik, inanyamaza. Utadhani umeuziwa mgonjwa. Kabla ya kulalamika, ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja bila kupitia kigawanyio, jaribu tundu la bluu, au tumia kebo yenye vichwa viwili inayovuta umeme kutoka matundu mawili. Kwa laptopu yenye betri iliyochoka, chomeka na chaja.

Kwangu ilikubali mara moja. Diski tisa kati ya 11 zilinakiliwa bila kikwazo, kila moja kama robo saa. Ya kumi, niliyoipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka, ikakubali nayo. Usipanguse kwa kuzungusha mviringo, kwani mkwaruzo unaofuata mzunguko wa mstari huharibu urefu mkubwa wa maneno mfululizo, na ule unaoukata mstari hugusa kidogo kidogo tu, ambapo mashine huweza kujirekebisha.

Diski namba saba ndiyo iliyogoma, na safari hii iligoma mahali pale pale kila mara, kwenye asilimia 64. Mnaona tena? Kosa halikuhama. Draivu mpya ilikuwa haina hatia, na diski yenyewe ilikuwa na jeraha la kweli. Mjomba aliniambia baadaye kwamba hiyo moja iliwahi kukaa dirishani, na ile rangi ya diski za kuchomwa hupauka juani. Kwa jeraha kama hilo, kununua draivu ya tatu si dawa. Kinachosaidia ni kunakili kwa subira, na programu ya bure ya Linux iitwayo ddrescue hufanya hivyo. Mwenzangu kazini aliniazima laptopu yake, tukaandika:

```
ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 saba.iso saba.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 saba.iso saba.map
```

Mstari wa kwanza unachukua kila kilicho rahisi na kuruka panapouma. Wa pili unarudi kwenye vidonda peke yake na kujaribu mara tatu kila kimoja. Ile faili ya `saba.map` ni daftari la kumbukumbu, linaloandika kipi kimesomwa na kipi bado. Baada ya mstari wa kwanza zilibaki megabaiti 210. Tukaacha wa pili ukifanya kazi usiku, asubuhi zikabaki 60.

Kwa kuwa daftari lipo, unaweza kuendelea na kazi hiyo hiyo kwa draivu nyingine, na kila draivu ina jicho lake. Nilinakili zile faili mbili kwenye ile laptopu yangu kuukuu, nikaiwashia Linux kutoka kwenye flashi, nikaweka diski saba kwenye draivu yenye mota iliyochoka. Sasa haikuombwa kusoma gigabaiti nne mfululizo, iliombwa vipande vidogo tu vilivyobaki. Ilipanda, ikashuka, ikapumzika, ikapanda. Ikapata megabaiti 24 ambazo draivu mpya ilikuwa imeshindwa kuziona. Zikabaki 36.

Kwenye video ya aina ile, megabaiti 36 ni kama dakika moja. Nimeitazama dakika hiyo. Picha inaganda Bibi akiwa amenyanyua mkono, sauti inakatika, kisha inarudi, na watoto wote wanacheka. Mjomba nimemuuliza kilichosemwa hapo ni nini. Anakumbuka hadithi, hakumbuki kichekesho. Dada yangu mkubwa, ambaye anaonekana kwenye mkeka akiwa na umri wa miaka tisa, anasema ni yeye aliyejibu kitu, lakini hawezi kuapa.

Mwezi ujao draivu ya nje inakwenda Mbeya kwenye begi langu, kwa kuwa mjomba ameniambia kuna diski nyingine kwa shangazi, kwenye boksi la viatu. Nimemwomba zisisafirishwe. Chombo ndicho kitakachopanda basi, na kama kuna kitakachopata joto la Chimala, kikipate hicho.